Karatasi ya Vyumba Vinne kwa Mfanyakazi Aliyekwama

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Terry Hill na Roy Westbrook, walichapisha makala yenye pendekezo la kuchekesha kidogo: kwamba uchambuzi wa SWOT urudishwe kiwandani, kama inavyofanyiwa bidhaa yenye kasoro. Walikuwa wamefuatilia kampuni 20 zilizofanya uchambuzi huo mwaka 1993 na 1994 huku zikisaidiwa na washauri wa kulipwa. Walichokikuta hakikupendeza. Orodha zilikuwa ndefu, kwa wastani mambo zaidi ya 40. Maelezo yalikuwa ya jumla mno, hakuna aliyepanga lipi lianze na lipi lifuate, na hakuna aliyejisumbua kuhakiki kama yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Kubwa kuliko yote, hakuna kampuni hata moja iliyotumia matokeo hayo katika hatua zilizofuata za mpango wake.

Kama kampuni zenye washauri zilishindwa, haishangazi kwamba mfanyakazi anayejaza karatasi ya uchambuzi huo peke yake usiku, akiwa na hasira ya kupitwa cheo kwa mara ya tatu, naye hufika mahali palepale. Anaandika kwamba nguvu yake ni uchapakazi, udhaifu wake ni kupenda ukamilifu, fursa yake ni teknolojia na kitisho chake ni ushindani. Anakunja karatasi. Jumatatu anarudi kwenye kiti kilekile.

Hata hivyo karatasi yenyewe haina ubaya. Ina vyumba vinne: nguvu na udhaifu, ambavyo viko ndani ya mtu, kisha fursa na vitisho, ambavyo viko nje yake na vingekuwepo hata kama yeye asingezaliwa. Kasoro waliyoiona Hill na Westbrook iko katika namna ya kuijaza na katika kinachofuata baada ya kuijaza. Mfano mmoja, uliojengwa kutokana na hali za kawaida za miji yetu, unatosha kuonyesha kazi hiyo inavyofanyika mwanzo hadi mwisho.

Ni mhasibu wa kike mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa Mwanza, aliyeajiriwa na kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara kwa ajili ya soko la nje. Ana shahada ya uhasibu. Aliwahi kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, akafaulu ngazi ya kati, kisha mtoto wa pili akazaliwa na ngazi ya mwisho ikabaki kiporo. Ameshika nafasi ileile kwa miaka 9. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,400,000. Mkuu wake wa kitengo ana miaka 44 na hana dalili ya kuondoka.

Swali kabla ya vyumba

Kosa la kwanza hutokea kabla kalamu haijagusa karatasi. Mtu husema amekwama bila kusema amekwama wapi. Kuna anayetaka cheo, kuna anayetaka kipato, kuna aliyechoshwa na kazi isiyomfundisha chochote, na kuna ambaye kazi anaipenda ila bosi ndiye hamtaki. Hao ni watu wanne tofauti, na jambo ambalo ni nguvu kwa mmoja linaweza kuwa udhaifu kwa mwingine. Kukaa miaka 9 sehemu moja ni hazina kwa anayetaka kuwa mkuu wa kitengo hapohapo. Kwa anayetaka kuhama, ni jambo atakaloulizwa kwenye usaili na kulitafutia jibu.

Kwa hiyo juu ya karatasi huandikwa sentensi moja yenye kazi, kiwango na muda. Mhasibu wetu, baada ya kufuta mara kadhaa, aliandika hivi: “Ndani ya miezi 18 niwe mhasibu mwandamizi, hapa au kwingine, nikiwa na mshahara wa msingi usiopungua shilingi 2,000,000, bila kuihamisha familia nje ya Kanda ya Ziwa.” Sentensi hiyo inafanya kazi ya chujio. Kila jambo litakaloingia katika vyumba vinne litaulizwa: je, linasogeza au linazuia lengo hili? Lisilofanya lolote kati ya hayo mawili linaachwa nje, hata kama ni la kweli.

Wakati mwingine sentensi hiyo ndiyo inayogoma kuandikika. Mtu anagundua kwamba hataki cheo wala fedha zaidi, bali anahitaji likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, na wapo wanaopitisha miaka bila kuzimaliza. Uchovu una tiba yake, na karatasi ya vyumba vinne haimo katika tiba hiyo.

Nguvu zinazothibitika

Kanuni ya chumba cha kwanza ni kwamba sifa haiingii bila ushahidi. “Mchapakazi” ni sifa. “Kila mwezi nafunga hesabu kabla ya tarehe 5, na kwa miaka miwili mkaguzi wa nje hajatoa hoja kwenye kitabu changu cha wadai” ni nguvu, kwa sababu mtu mwingine anaweza kufungua faili akaona. Njia rahisi ya kupima ni kujiuliza kama mwenzake wa meza ya pili angeweza kuandika sentensi ileile. Kama angeweza, hiyo ni sifa ya kawaida ya watu wa kazi ile na haimtofautishi na yeyote.

Njia nyingine ni kuangalia kinachoharibika yeye asipokuwepo. Mhasibu wetu alifungua ujumbe wa simu aliotumiwa wakati wa likizo ya mwaka uliopita. Aliona kwamba karibu kila aliyemsumbua alikuwa akiuliza jambo moja: faili za marejesho ya VAT. Kiwanda kinachouza bidhaa nje kinatoza VAT kwa kiwango cha sifuri kwenye mauzo hayo, lakini kimeshalipa kodi hiyo kwenye umeme, vifungashio na huduma nyingine nyingi. Kwa hiyo kila mara kinaidai Mamlaka ya Mapato, TRA, na dai hilo huishi au hufa kwa karatasi: ankara, stakabadhi za mashine za EFD, nyaraka za forodha, uthibitisho kwamba mzigo ulitoka nchini. Yeye ndiye aliyekuwa akizipanga. Hakuwahi kuliona kama ujuzi. Kwake ilikuwa ile kazi ya kuchosha ambayo wengine waliikwepa.

Hili hutokea sana kwa walio katikati ya safari ya kazi. Mtu anayefanya jambo kila siku hulizoea hadi asilione tena, na ndiyo maana chumba cha nguvu hakijazwi na mwenyewe peke yake. Watu watatu wanatosha: mmoja anayepokea kazi yake, mmoja aliye chini yake au sawa naye, na mmoja aliyewahi kufanya naye kazi akaondoka. Huyo wa tatu ndiye mwenye thamani kubwa zaidi kwa sababu hana cha kupoteza akisema ukweli. Swali lenyewe liwe jembamba. Akiulizwa “unanionaje?” atajibu kwa adabu. Akiulizwa “ni kazi gani ungenipa bila kuikagua, na ipi ungeikagua mara mbili?” atajibu kwa habari.

Walio serikalini wana chanzo kingine ambacho wengi hukidharau, nacho ni tathmini zao za utendaji. Zile za zamani za OPRAS na hizi za sasa za mfumo wa PEPMIS zina malengo, viwango na maoni ya msimamizi. Tathmini za miaka mitatu zikisomwa pamoja huonyesha jambo linalojirudia, liwe zuri au baya.

Udhaifu unaofunga mlango

Chumba cha pili hujazwa kwa njia mbili mbaya. Wapo wanaoandika udhaifu wa kujipamba, kama vile kufanya kazi kupita kiasi. Wapo wanaojihukumu, wakajaza karatasi nzima kwa kila kasoro waliyowahi kuambiwa tangu shule ya msingi. Yote mawili huondolewa na chujio la lengo. Mhasibu wetu huogopa kuzungumza mbele ya watu. Ni kweli, lakini mhasibu mwandamizi wa kiwanda hahutubii mikutano, kwa hiyo jambo hilo lilikatwa.

Yaliyobaki, ukiacha mpaka wa kutohama uliokwishaandikwa kwenye lengo, yalikuwa matatu. Hana cheti cha CPA kwa sababu ngazi ya mwisho haijakamilika. Mfumo wa hesabu anaoujua ni mmoja tu, ule wa kiwandani. Na nje ya kiwanda hicho hajulikani: katika miaka 9 hajahudhuria semina ya wahasibu hata moja, wala hajaomba kazi popote.

Kila udhaifu huwekewa alama moja kati ya tatu: unaotibika kwa muda unaojulikana, unaopunguzika tu, na wa kuishi nao. Cheti ni cha aina ya kwanza, kwa kuwa NBAA hufanya mitihani yake Mei na Novemba kila mwaka, na tarehe zinafahamika mapema. Kutojulikana ni kwa aina ya pili. Kutoweza kuhama Kanda ya Ziwa kwa sababu ya shule ya watoto na mama mzazi anayeumwa ni kwa aina ya tatu, na mwenye busara hulikubali kama mpaka wa mpango badala ya kujilaumu kwalo.

Nje ya mtu: matangazo 20

Hapa ndipo karatasi nyingi huharibika. Mtu huandika “kusoma CPA” katika chumba cha fursa. Kusoma ni jambo atakalolifanya mwenyewe, kwa hiyo ni hatua, na mahali pake ni kwenye mpango. Fursa ni kitu kilichopo nje: nafasi zinazotangazwa, sheria iliyobadilika, mtu anayestaafu, mradi unaoanza. Kadhalika “kukata tamaa” si kitisho. Kinachofaa kuandikwa ni kile ambacho mtu mwingine asiyemjua kabisa angeweza kukithibitisha.

Kazi ya vitendo inayojaza vyumba hivi viwili kwa pamoja ni kukusanya matangazo 20 ya kazi anayoitaka. Yanapatikana kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, magazetini na kwenye kurasa za kampuni zenyewe. Hata yaliyopita muda wake yanafaa, kwa sababu lengo si kuomba bali kusoma soko. Kila sharti linaandikwa kwenye mstari wake, na kila linapojirudia linawekewa alama. Jioni mbili zinatosha.

Tuseme hesabu ya mhasibu wetu ilitoka hivi: matangazo 14 kati ya 20 yalitaka CPA, 9 yalitaka uzoefu wa mfumo wa kompyuta ambao yeye hajautumia, 6 yalitaja kodi waziwazi, na 3 tu yalitaka shahada ya uzamili. Jedwali hilo dogo lilimwokolea fedha nyingi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akifikiria kukopa ili asome uzamili, kwa sababu rafiki yake alifanya hivyo. Soko analolilenga lilikuwa likiomba kitu kingine, ambacho tayari alikuwa amekifikisha zaidi ya nusu ya njia.

Matangazo hayohayo yalimletea kitisho chenye tarehe. Matangazo ya utumishi wa umma kwa kawaida huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa waombaji ambao hawako tayari serikalini. Kwake maana yake ni miaka 7. Si muda wa kumtia hofu, lakini ni muda unaohesabika, na kitisho chenye tarehe kina manufaa kuliko wasiwasi usio na umbo.

Kitisho cha pili kiko ziwani. Biashara ya minofu hutegemea samaki wanaovuliwa na wanunuzi walio mbali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya wavuvi, na viwanda vya Mwanza vikajikuta na bidhaa bila soko. Tangu hapo vimekuwapo vipindi vya sangara kuadimika na viwanda kupunguza zamu. Mhasibu hana uwezo wa kuongeza samaki. Anaweza kuuliza kiwanda chake kinachakata tani ngapi kwa siku ikilinganishwa na miaka mitatu iliyopita, na bahati nzuri takwimu hizo ziko mezani kwake.

Kupunguza, kisha kuoanisha

Kampuni za Hill na Westbrook zilikuwa na mambo zaidi ya 40. Mtu mmoja hahitaji zaidi ya matatu katika kila chumba. Kuchagua si kwa hisia: kila jambo hupewa alama 1 hadi 3 kwa ukubwa wa athari yake kwenye lengo, na alama 1 hadi 3 kwa uhakika wa ushahidi wake, kisha alama hizo huzidishwa. Lenye 9 linabaki, lenye 2 linafutwa. Jambo zito lisilo na ushahidi, mathalani uvumi kwamba kiwanda kinauzwa, halifutwi. Linahamishiwa pembeni pamoja na swali la kulichunguza na jina la mtu wa kuulizwa.

Baada ya hapo kuna hatua ambayo semina nyingi huiruka. Mwaka 1982 profesa Heinz Weihrich alipendekeza kwamba vyumba vinne visisomwe kimoja kimoja bali vioanishwe: kila kilichomo ndani kikutanishwe na kilichopo nje. Mikutano ni minne, na kila mmoja huzaa hatua ya aina yake.

Nguvu ikikutana na fursa, swali ni wapi pa kusukuma. Ujuzi wa marejesho ya VAT ulikutana na yale matangazo 6 ya kodi, na pia na ukweli kwamba kila kampuni inayouza bidhaa nje ina dai lake TRA. Hatua iliyozaliwa ni kuufanya ujuzi huo uonekane: kuomba rasmi kusimamia madai yote ya kiwanda, badala ya kuyaandaa kimyakimya kwa jina la mkuu wake.

Udhaifu ukikutana na fursa, swali ni kipi kizibwe kwanza. CPA iliyobaki kiporo ilikutana na matangazo 14. Hapakuwa na mjadala.

Nguvu ikikutana na kitisho, swali ni nini kitamlinda. Sangara wakiadimika, fedha huadimika pia, na dai la VAT lililokaa bila kulipwa ni fedha za kiwanda zilizolala kwa mtu mwingine. Anayejua kulifuatilia anakuwa mtu wa mwisho kupunguzwa.

Mkutano wa nne, wa udhaifu na kitisho, ndio wengi hawapendi kuutazama. Kiwanda kikifunga milango kesho, yeye ni mhasibu asiye na CPA, anayejua mfumo mmoja, asiyejulikana na yeyote nje ya geti. Hapa hatua hailengi kupanda bali kutoanguka. Atafute watu wawili wa fani yake nje ya kiwanda, aweke akiba ya matumizi ya miezi mitatu, na aende NSSF kuchukua taarifa ya michango yake.

Hilo la NSSF linastahili mstari zaidi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hukata hadi asilimia 10 kwa mfanyakazi na kumalizia iliyobaki. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara hakuthibitishi kwamba yamefika kwenye mfuko. Pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, na yeye, akijumlisha miaka 3 ya kazi yake ya awali, anapaswa kuwa na 144. Pengo la mwaka mmoja ni rahisi kufuatilia akiwa bado na kitambulisho cha kiwanda shingoni kuliko baada ya kuondoka.

Hatua moja kubwa, mbili ndogo

Karatasi sasa imetoa hatua kama sita, na kuzifanya zote ni njia ya uhakika ya kutofanya hata moja. Mhasibu wetu alichagua kubwa moja, mtihani wa Novemba, na ndogo mbili: mazungumzo na mkuu wake, na maombi machache ya kazi ya kupima soko.

Mtihani ulianzia kwenye kalenda. PAYE hulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT huwasilishwa kufikia tarehe 20, na kabla ya hapo kuna kufunga hesabu. Kuanzia tarehe 1 hadi 7 hasomi, na hajilaumu. Kati ya tarehe 8 na 20 anasoma saa 4 kwa wiki, alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kuanzia tarehe 21 hadi mwisho wa mwezi anasoma saa 10 kwa wiki. Jumla ni kama saa 20 kwa mwezi, hivyo miezi mitano inampa takribani saa 100. Hazitoshi masomo yote ya ngazi ya mwisho, kwa hiyo alipanga kufanya mawili Novemba na yaliyobaki Mei. Mpango wa kuyafanya yote kwa mara moja ungependeza kwenye karatasi, kisha ungevunjika wiki ya kwanza ya kufunga hesabu.

Mazungumzo na mkuu wake yalihitaji maandalizi ya aina nyingine. Mfanyakazi aliyekwama huingia ofisini kwa bosi akiwa na malalamiko au akiwa na ombi kubwa ambalo bosi hana mamlaka ya kulitoa. Mkuu wa kitengo hawezi kuunda cheo kipya Alhamisi mchana. Anaweza kumpa mtu jukumu, kumwingiza kwenye kikao na mkaguzi wa nje, au kumtambulisha kwa meneja fedha kama msimamizi wa eneo fulani. Kwa hiyo ombi lilikuwa fupi: “Bosi, madai ya VAT ya miezi 12 iliyopita nimeyaandaa mimi, na haya hapa yaliyolipwa na yaliyorudishwa kwa maswali. Naomba niyasimamie kwa jina langu kwa miezi sita, na nimfundishe kijana mmoja kuandaa nyaraka. Mwishoni tukae tuangalie matokeo pamoja na nafasi yangu.” Ombi hilo lina takwimu, lina faida kwa bosi na lina tarehe ya kurudi. Lina pia jambo linalosahaulika: aliye peke yake katika kazi fulani hapandishwi kwa urahisi, kwa sababu hakuna wa kushika alichokuwa anashika. Kumfundisha kijana ni kujifungulia njia.

Siku hiyohiyo jioni, muhtasari wa walichokubaliana unapelekwa kwa barua pepe, mistari mitano, kwa lugha ya shukrani. Miezi sita ni mirefu, na kumbukumbu za wakubwa ni fupi.

Kuhusu kuacha kazi

Fikra ya kuandika barua ya kuacha kazi humjia kila aliyekwama, na kabla ya kuifuata kuna hesabu ndogo. Kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa mhasibu wetu, miaka 9 kwa mshahara wa 1,400,000 ni takribani shilingi 2,900,000, yaani kama mishahara miwili. Lakini stahili hiyo huja pale mwajiri anapovunja ajira kwa sababu zisizo za utovu wa nidhamu. Anayeondoka kwa hiari yake haidai kwa mujibu wa kifungu hicho, isipokuwa mkataba wake au sera ya kampuni imesema vinginevyo. Kuna watu waliopiga hesabu ya kuanza duka kwa fedha ambazo hazikuwa zao. Kusoma mkataba kwanza ni kazi ya nusu saa.

Kujua kama inasogea

Karatasi hutazamwa tena kila baada ya siku 90, na yanayotazamwa ni matukio, si hisia. Maombi ya kazi ndiyo kipimo chenye kusema zaidi. Mhasibu anayetuma maombi 10 kwa nafasi anazokidhi vigezo vyake, asiitwe hata kwenye usaili mmoja, ana tatizo kwenye wasifu wake: pengine bado umeandikwa kama orodha ya majukumu, bila lile dai la VAT na takwimu zake. Anayeitwa mara tatu asichukuliwe ana tatizo la usaili, na dawa yake ni kuomba mtu aliyewahi kuajiri amsikilize akijibu. Anayepewa kazi akaikataa kwa sababu ya mshahara mdogo amejifunza bei ya soko, na huenda zile 2,000,000 zilizoandikwa juu ya karatasi zikahitaji kurekebishwa, au zikahitaji cheti kwanza.

Kazini nako zipo dalili. Bosi akikubali ombi kisha akaendelea kupeleka madai kwa jina lake, au miezi sita ikaisha na kikao kikaahirishwa mara mbili bila tarehe mpya, huo ni ushahidi unaoingia kwenye chumba cha vitisho, na lengo la “hapa au kwingine” linaegemea upande wa kwingine. Akipata jukumu, akakaa na mkaguzi wa nje, akaombwa maoni na meneja fedha, basi anaweza kusubiri matokeo ya mitihani akiwa ndani, maana mwombaji mwenye kazi na cheti huzungumzia mshahara akiwa na nafasi nzuri zaidi.

Matokeo ya Novemba yanapotoka, anakaa tena na karatasi. Kama amefaulu masomo yote mawili, mstari wa CPA haufutwi bado, unapunguzwa uzito, na tarehe ya Mei inaandikwa pembeni yake. Kama amefaulu moja tu, habadilishi lengo, anabadilisha saa: anaangalia ni wiki zipi alizokosa kusoma na kilichozila, kisha anapanga miezi 18 iwe 24. Matangazo 20 mapya yanakusanywa tena mwezi huohuo, kwa sababu yale ya mwanzo yamezeeka, na chumba cha fursa ndicho kinachobadilika upesi kuliko vingine vyote.